Fimbo ndefu ya pazia imeng'oka katikati: ukuta wa tumbawe nifunge na fisha gani?

BintiTudor

Asalamu alaikum wandugu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya kuta.

Nimepanga Tudor, ghorofa ya kwanza, nyumba ya mawe ya tumbawe iliyopigwa plasta ya simiti. Dirisha la sebuleni lina upana wa mita 2.6. Nilinunua fimbo ya chuma ya mita 3.2, ile inayokuja vipande viwili vinavyounganishwa katikati, na braketi tatu: mbili za pembeni na moja ya kati. Fundi aliyeletwa alizifunga zote tatu upesi upesi akaenda zake. Mapazia ni mawili, mazito, ya kijani kilichokoza, yana bitana kwa sababu jua la jioni laingia moja kwa moja.

Juzi usiku braketi ya kati iling'oka na bonge la plasta ukubwa wa kiganja. Fimbo ikapinda, na kulipokucha nikaona braketi ya kulia nayo inacheza nikiigusa. Ya kushoto bado imara. Nilipompigia yule fundi akaniambia ukuta wa tumbawe ni mbovu, hakuna kitakachoshika hapo. Mwenye nyumba hana neno, mradi nizibe matundu nikihama.

Je, ni kweli tumbawe halishiki? Na nikifunga upya ninunue fisha za aina gani? Jambo moja: mapazia yameshashonwa kwa kipimo cha sakafu, kwa hivyo fimbo siwezi kuipandisha.

KijanaWaBamburi

Pole dada. Hapo shida ni fisha ndogo, basi. Nunua fisha za milimita 10, skrubu za inchi tatu, tafuta drili ya hama, ile inayogonga huku ikizunguka, utoboe zote tatu upya. Nguvu weka kwenye zile za pembeni, maana ndizo zinazobeba. Ya kati ni ya kuzuia fimbo isipinde tu, haina mzigo mkubwa. Mimi kwangu nimefanya hivyo na mapazia yako juu hadi leo.

MamaLailaKizingo

Kwa dirisha la magharibi mbona mwajitesa na vitambaa vizito? Chukua kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa, jua lapungua na upepo wa bahari wapita. Kijani kilichokoza kitapauka haraka sana upande huo.

BintiTudor

Shukran mama, lakini mapazia nishayalipia na nayapenda. Tatizo langu ni ukuta.

MzeeFundiMajengo

Waaleikum salaam binti yangu. Usinunue chochote kwanza. Tumbawe lashika, na nyumba za Mvita zimejaa makabati na feni zilizofungwa kwenye tumbawe. Lakini juu ya dirisha lako huenda hakuna tumbawe kabisa, na hapo ndipo penye swali.

Nifanyie mambo matatu. Kwanza, tafuta fisha iliyotoka na lile bonge la plasta, uniambie urefu wake na kama imekatwa. Pili, chukua waya mwembamba au kijiti cha mshikaki, ukitumbukize kwenye tundu la kati mpaka kigote, uweke alama, upime. Ufanye hivyo pia kwenye tundu la kulia ukishaifungua ile braketi. Tatu, kwangua kidogo ndani ya kila tundu kwa msumari, umwage ule unga kwenye karatasi nyeupe. Niambie ni wa rangi gani, na je, mle ndani ni pagumu au pananyong'onyea.

BintiTudor

Mzee wangu, nimefanya kama ulivyosema.

Tundu la kati: kina chake sentimita 2.5 tu. Chini kabisa pagumu, msumari waserereka, na unga ni wa kijivu. Fisha niliipata, ina urefu wa sentimita 2 na upande mmoja umekatwa kwa kisu, waonekana kabisa. Na skrubu yenyewe ni fupi, inchi moja na nusu.

Tundu la kulia: kina sentimita 5, lakini mdomo umepanuka, kidole changu kidogo chaingia. Unga ni mweupe wa rangi ya krimu, na nikikwangua wazidi kumwagika tu. Fisha ilitoka nzima, haikukatwa, ila nilipoivuta ilikuja bila ubishi.

MzeeFundiMajengo

Basi jibu unalo mkononi. Fimbo ni moja lakini yapita juu ya kuta mbili tofauti, na kila moja imeshindwa kwa njia yake.

Katikati, juu ya dirisha, kuna linta ya zege, yaani boriti iliyolazwa kubeba ukuta wa juu. Unga wa kijivu na msumari kuserereka ndiyo dalili. Fundi alikuja na drili ya kawaida, ile yenye hama ndogo, akapita plasta, akagota kwenye zege, akachoka. Badala ya kutafuta drili yenye nguvu, akaikata fisha ilingane na tundu. Kwa hiyo braketi yako ya kati ilikuwa imeshikwa na plasta peke yake, na plasta ni ngozi tu ya ukuta. Ndiyo maana haikuchomoka fisha, liling'oka bonge zima.

Kulia ni kinyume. Linta hupita ukingo wa dirisha kidogo tu, mara nyingi sentimita 15 hadi 20, na braketi yako ya pembeni iko mbele ya hapo. Pale ni jiwe la tumbawe. Jiwe hili lina vitundu vitundu na ni laini, na aliposhindilia drili kwa hama, lilisagika ndani. Tundu likawa pana kuliko fisha. Fisha hufanya kazi kwa kutanuka na kubana kuta za tundu. Kukiwa na unga mtupu pembeni, haina cha kubana.

Kwa hiyo aliyekuambia ukuta ni mbovu hakukuambia kweli. Na kijana wa Bamburi, fisha kubwa na skrubu ndefu umesema sawa, lakini drili ya hama kwenye tumbawe ndiyo iliyomharibia binti ukuta wake wa kulia.

SwabraMhandisi

Naongeza kitu kwa KijanaWaBamburi, kwa heshima. Si kweli kwamba ya kati haina mzigo. Fimbo ikikaa juu ya nguzo tatu na pazia limefungwa, yaani limetandazwa dirisha zima, ya kati hubeba zaidi kuliko nyingine yoyote. Ikiwa fimbo ni kipande kimoja kisichokatika, ya kati hubeba sehemu 5 kwa 8 za uzito wote. Ikiwa imeunganishwa pale katikati, kama hii, hubeba nusu, na kila ya pembeni robo.

Dada, mapazia yako yana kilo ngapi?

BintiTudor

Nimeyapima kwenye mizani ya kusimamia, nimesimama nayo kisha bila nayo. Yote mawili pamoja na pete zake ni kilo 9 na ushei kidogo.

SwabraMhandisi

Basi hesabu ni nyepesi. Yakiwa yamefungwa, braketi ya kati yabeba kama kilo 4.5 hadi 5.6. Kisha angalia umbo la braketi: fimbo haikai kwenye ukuta, yakaa mbele yake. Kama imetoka sentimita 9, na kutoka skrubu ya juu hadi ukingo wa chini wa bamba ni sentimita 4.5, kilo 5 za kuning'inia zinageuka kuwa kama kilo 10 za kuivuta ile skrubu ya juu itoke ukutani. Hapo pazia limetulia. Mtoto akilivuta, hesabu ni nyingine.

Ndiyo maana skrubu ya juu ndiyo hutoka kwanza, na ndiyo ya kuangalia. Za pembeni kwa mahesabu haya hazina wasiwasi sana.

MzeeFundiMajengo

Mwanangu Swabra hesabu yako ni safi kwa usiku. Mchana je? Asubuhi binti anafungua mapazia, anayasukuma pembeni. Pazia lote la kulia, kilo nne na nusu, lajikusanya karibu na braketi ya kulia, na la kushoto vivyo hivyo. Ya kati yabaki na fimbo tupu. Kwa hiyo usiku anabeba wa kati, mchana wanabeba wa pembeni, na kila mmoja wao anafikia kilo nne, tano kwa zamu yake. Nifundishe kama nimekosea, lakini mimi braketi zote tatu nazifunga kwa nguvu sawa.

SwabraMhandisi

Hujakosea mzee. Mimi nilitazama yakiwa yametandazwa tu. Na hilo laeleza mbona ya kati yake iling'oka usiku.

KijanaWaBamburi

Nimewaelewa kuhusu mzigo. Lakini mzee, hama mimi nilitumia na kwangu imeshika. Na hata kwake ya kushoto imeshika, na bila shaka fundi ni yule yule, drili ile ile. Utasemaje hapo?

MzeeFundiMajengo

Swali zuri. Kwanza, mwanangu, kwako Bamburi ukuta ni wa nini? Nyumba nyingi mpya upande huo ni matofali ya simiti, na linta yazunguka nyumba nzima. Huenda zote tatu zako ziko kwenye zege.

Pili, tumbawe si jiwe moja. Kuna lililoshikana kama mfupa, na kuna lenye mashimo ambalo wakwangua kwa kijiko, na yote mawili yaweza kuwa kwenye ukuta mmoja, jiwe kwa jiwe. Ya kushoto huenda imeangukia jiwe zuri. Huenda pia imeangukia kiungo cha simiti kati ya mawe mawili. Bila kuifungua siwezi kuapa. Ushauri wangu ni asiifungue, aijaribu kwa uzito, nitaeleza.

Binti, sasa nenda dukani.

Kwa ajili ya katikati: fisha za nailoni za milimita 8, urefu sentimita 5, na skrubu zake za milimita 5 au 6, urefu sentimita 8. Usishangae urefu huo. Skrubu yapita kwanza bamba la braketi, halafu plasta yako ya sentimita 2.5, ndipo ianze kuingia kwenye fisha iliyo ndani ya zege. Mafundi wengi huiacha fisha imesimama nusu kwenye plasta na nusu kwenye zege. Ile nusu ya plasta haikusaidii chochote, na ikitanuka yaweza kuipasua. Itumbukize fisha mpaka mdomo wake uwe ndani ya zege. Isukume kwa skrubu au kijiti, si kwa nyundo.

Hapa katikati drili ya hama ndiyo yake, ile nzito, ikodi kwa siku moja. Funga utepe kwenye biti sentimita 8.5 kutoka ncha, ukifika kwenye utepe uache. Tundu jipya lisikae ndani ya bonge lililong'oka. Sogea pembeni sentimita 6 au 7 mpaka plasta nzima, usipande wala usishuke. Ukigonga kitu na drili ikapiga kelele ya chuma, vumbi likaja na chembe zinazong'aa, umefikia nondo. Usiilazimishe, sogea inchi moja. Nondo kuu za linta hukaa karibu na chini na karibu na juu, kwa hivyo ukitoboa usawa wa katikati ya linta huzikuti, labda vile vyuma vya kuzizunguka. Braketi yako iko juu ya dirisha kiasi gani?

BintiTudor

Kutoka ukingo wa juu wa dirisha hadi katikati ya braketi ni sentimita 11.

MzeeFundiMajengo

Ni pazuri, linta nyingi zina kimo cha sentimita 20 hivi.

Ila ukisogeza braketi ya kati, usiache kiungo cha fimbo kikabaki mbali nayo. Kile kiungo ndicho mahali padhaifu pa fimbo nzima, chafaa kikae juu ya braketi au kiganja kimoja tu pembeni. Kama vipande vyako ni vya kuvutana, urekebishe, kimoja kirefu kidogo kingine kifupi.

Kulia sasa. Fisha za milimita 10, ndefu, sentimita 8, na skrubu zake. Zima hama, drili izunguke tu. Anza na biti ya milimita 6, kisha 8, na pengine uishie hapo hapo na kuisukuma fisha ya 10 kwa nguvu ya mkono na kugonga taratibu. Kwenye tumbawe laini tundu dogo kuliko fisha si kosa. Jiwe likikataa ndipo upitishe biti ya 10. Biti ishike njia moja, ukiingiza na kutoa mara kwa mara wapanua mdomo. Kisha lipulize tundu kwa pampu ya baiskeli mpaka lisitoe vumbi, na ufumbe macho. Na tundu hili pia lihame kutoka lile bovu, sogea nje upande wa kulia sentimita 6, fimbo yako ina nafasi.

Kabla ya kutoboa popote, tazama kama kuna soketi ya eisi au swichi chini au juu ya hapo. Waya mara nyingi hupanda wima. Kama ipo, zima umeme kwenye kisanduku na uhame kutoka mstari huo.

BiZuhuraMjiWaKale

Nami nina langu, msinifukuze. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ya babu zetu, kuta upana wa mkono mzima, mawe na chokaa. Nataka fimbo ya mita 3 mbele ya madirisha mawili yaliyokaribiana. Kijana wangu alijaribu kutoboa, kwa upande mmoja likamwagika kama mchanga, na juu ya dirisha drili ikatoa vipande vya rangi ya udongo, akaogopa akaacha. Je, nifanye kama huyu binti?

MzeeFundiMajengo

Shikamoo bibi. Hapana, kwako ni tofauti kabisa na usimruhusu mtu alete hama karibu na ukuta ule. Vile vipande vya rangi ya udongo ni mbao. Nyumba za zamani hazina linta ya zege, juu ya dirisha kumelazwa boriti au mbao ngumu. Hapo ni bahati njema: fisha haihitajiki. Toboa tundu jembamba la kuongoza, milimita 3, halafu skrubu ndefu ya mbao ishike moja kwa moja. Ile ya kati yako itashika kuliko zote, ikiwa mbao haijaliwa na mchwa. Ijaribu kwa ncha ya kisu, ikizama bila nguvu usiitegemee.

Pembeni, kwenye chokaa na vifusi vya tumbawe, fisha moja moja sizitaki. Mimi ningelaza ubao mmoja wa inchi 3 kwa 1, wa mbao ngumu, urefu wa fimbo nzima, nikaufunga kwa skrubu ndefu sehemu nyingi: mbili tatu kwenye ile boriti, nyingine zikigawana ukuta kila baada ya futi moja hivi. Jiwe moja likikataa, jirani zake wanabeba. Kisha braketi zote tatu zafungwa kwenye ubao. Upake rangi ya ukuta, hauonekani.

OmariLikoni

Ubao ni njia ya kale. Siku hizi kuna gundi ya bomba, zile mbili zinazochanganyikia kwenye mdomo, unatia kwenye tundu na kichujio cha plastiki, unaingiza chuma chenye nyuzi, kesho hata ukining'inia hakitoki. Haitanuki, kwa hiyo haipasui jiwe laini. Kwa tumbawe mimi naona ndiyo jawabu, kwa binti na kwa bibi.

MzeeFundiMajengo

Gundi hiyo naijua na kwa mzigo mzito naitumia. Yashika kweli, Omari, ila tundu liwe safi. Tumbawe halikomi kutoa unga, na gundi ikishika unga haijashika jiwe. Tena binti ni mpangaji. Siku ya kuhama ule chuma hautoki, utaukata kwa msumeno ukutani kwa mtu.

OmariLikoni

Kupiga brashi na kupuliza mara mbili tatu ni kazi ya dakika. Na chuma chaweza kukatwa na kuzibwa, fisha ya sentimita 8 nayo pia haitoki nzima. Mimi bado nasimama na gundi.

SwabraMhandisi

Nafikiri kwa kilo tano njia zote mbili zatosha. Bibi Zuhura mimi ningemuunga mzee, kwa sababu kuta za chokaa hushika unyevu, na ubao wagawa mzigo hata kama hujui ndani kuna nini.

BintiTudor

Wandugu, Alhamdulillahi, nimeanza leo na binamu yangu. Katikati imeingia vizuri kwenye zege, skrubu ilipokaza mwisho ilikuwa ngumu kuzungusha. Kulia tumetumia biti ya 8 na fisha ya 10, iliingia kwa kubana.

Lakini kuna jambo. Tulivuta uzi kutoka braketi ya kushoto hadi ya kulia, mbele pale fimbo inapokaa, tukaona braketi ya kati imetokeza mbele ya uzi kwa milimita 8 hivi. Kwa juu na chini iko sawa na pima maji. Binamu asema fimbo itajipinda yenyewe, tuilazimishe. Ni sawa?

MzeeFundiMajengo

Usilazimishe. Linta yako imetokeza kidogo kuliko mawe, na plasta imefuata. Ukiilazimisha fimbo, yavuta zile za pembeni kuelekea mbele usiku na mchana, na mvuto huo ndio tulioogopa tangu mwanzo. Na kiungo cha kati kitafunguka mdomo.

Zisogeze za pembeni mbele zilingane na ya kati. Kata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 8 kwa umbo la bamba la braketi, uviweke nyuma ya kila moja, skrubu ipite ndani yake. Skrubu za pembeni ziwe ndefu zaidi kwa kiasi hicho. Kama hazifiki, nunua nyingine, usiridhike na uzi mmoja kushika. Uzi mliouvuta ndiyo njia sahihi, maana fimbo tupu yenyewe huning'inia katikati, ukiitumia kama kipimo wafunga ya kati chini.

Na jaribio lenyewe: chukua jerikeni, tia lita 10 za maji, hizo ni kilo 10, mara mbili ya mzigo wako. Itundike kwa kamba pale fimbo inapokaa, si karibu na ukuta. Braketi moja baada ya nyingine, usiku kucha kila moja, na ile ya kushoto uijaribu kabla hujaifungua kuweka plaiwudi. Chora mstari mwembamba wa penseli kuzunguka bamba kabla. Asubuhi tazama ukingo wa juu: ukiona upenyo hata wa unene wa karatasi kati ya bamba na ukuta, haijashika.

KijanaWaBamburi

Mzee mbona uzi na plaiwudi zote hizi kwa pazia? Kwangu nilikaza tu.

SwabraMhandisi

Kwa fimbo ya mita moja na nusu braketi mbili ungekaza tu. Kwa ndefu yenye tatu, braketi tatu lazima ziwe kwenye mstari mmoja, la sivyo moja yafanya kazi ya kuvuta nyingine badala ya kubeba pazia. Na bila ya kati hali ni mbaya zaidi: ukigawa urefu kwa nusu, kulegea kwa fimbo kwapungua mara 16.

ShariffaNyali

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina pazia moja tu pana lenye macho ya chuma, lavutwa lote upande mmoja. Nikiweka braketi ya kati litapitaje?

MzeeFundiMajengo

Halipiti, binti. Macho ya chuma yazunguka fimbo nzima, yakifika kwenye braketi yanagota. La BintiTudor ni mawili, kila moja lina nusu yake, kwa hiyo halimsumbui. Wewe ama uligawe mawili, ama utumie reli badala ya fimbo, ile inayoshikwa kwa juu na viroda vyake vinatembea kwa chini. Kuna pia pete zilizo wazi kwa nyuma zinazopita kwenye braketi maalumu, lakini hizo zinataka zote mbili zilingane, na pazia la macho itabidi lishonwe upya kichwa.

BintiTudor

Taarifa. Ya kati imelala na jerikeni usiku mzima, penseli haijasogea. Ya kulia nayo salama, plaiwudi imekaa. Ya kushoto, ile tuliyoamini imara, asubuhi ina upenyo juu, wembe waingia. Jerikeni haikuanguka lakini bamba limeinama kidogo.

MzeeFundiMajengo

Ifungue. Utizame unga wake, na kina chake.

BintiTudor

Nimefungua. Unga ni wa kijivu hafifu uliochanganyika na mweupe. Kina sentimita 5. Fisha iko kwenye kiungo kati ya mawe mawili, naona jiwe upande mmoja na simiti upande wa pili.

MzeeFundiMajengo

Ndiyo sababu. Fisha imebana upande wa simiti, upande wa jiwe imekula unga. Hamisha sentimita 6 nje, kwenye jiwe zima, kama ulivyofanya kulia. Ukitoboa na unga ukaja krimu mtupu mwanzo hadi mwisho, uko ndani ya jiwe. Ukichanganyika, sogea tena kabla hujatia fisha.

Halafu uniambie skrubu ulizonunua ni za rangi gani. Tudor iko mlangoni mwa maji, na zile za manjano nyepesi za mabati huota kutu ndani ya ukuta upesi. Kama wapata za stenlesi, badilisha sasa kabla hujatundika mapazia.

BintiTudor

Za manjano. Kesho naenda Mwembe Tayari kutafuta za stenlesi, na nikikosa urefu wa sentimita 9 kwa ajili ya plaiwudi nitarudi kuuliza.

OmariLikoni

Ukikosa urefu huo, chukua chuma chenye nyuzi cha stenlesi na ile gundi, ukate urefu unaotaka. Nimesema tu.